Kuandika upya habari iliyojaa maneno ya mazoea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa waandishi chipukizi wanaoleta habari kutoka Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe, ambao kazi zao nimekuwa nikizihariri na kuzijadili nao ana kwa ana. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: habari imeandikwa, haina kosa la sarufi linaloonekana kwa haraka, lakini msomaji akimaliza aya ya kwanza anaiacha. Ili majibu yasielee hewani, nimechukua habari moja ya dagaa na kuifuata tangu ilipofika dawatini hadi ilipoandikwa upya. Habari yenyewe ni ya mazoezi, kwa hiyo mwalo, watu, maneno yao na tarakimu zilizomo nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, ingawa naisimulia kana kwamba ilitokea. Hali inayosimuliwa, hata hivyo, anaijua kila mtu aliyewahi kununua au kuanika dagaa pembeni mwa Ziwa Victoria.

Habari yenyewe ilikuwa inasemaje?

Ilisema hivi:

"Wafanyabiashara wa mazao ya uvuvi katika mwalo mmoja wilayani Ilemela wameiomba serikali kuwatatulia changamoto mbalimbali zinazowakabili ikiwemo ukosefu wa miundombinu rafiki ya kukaushia dagaa, hali inayopelekea kupata hasara kubwa hasa katika kipindi cha mvua. Hayo yamesemwa jana na wafanyabiashara hao walipokuwa wakizungumza na waandishi wa habari waliofika mwaloni hapo kwa lengo la kujionea hali halisi. Akizungumza kwa niaba ya wenzake, mwenyekiti wa wafanyabiashara hao alisema suala hilo limekuwa kilio cha muda mrefu. Kwa upande wake, afisa uvuvi alikiri kuwepo kwa changamoto hiyo na kubainisha kuwa serikali iko mbioni kuitatua, huku akiwataka wafanyabiashara kuendelea kuwa wavumilivu."

Kila kilichosemwa hapo ni kweli. Kosa liko wapi?

Kosa ni kwamba ukweli huo haujafika popote. Watu wengi hudhani maneno ya mazoea ni tatizo la mtindo, kana kwamba mwandishi angebadilisha "changamoto mbalimbali" akaweka neno tamu zaidi na kazi ikaisha. Mimi nimeshawishika kwamba tatizo linaanzia mbali zaidi, kwenye daftari: chini ya kila fungu la maneno ya mazoea kuna swali ambalo mwandishi hakuliuliza, na fungu hilo limewekwa pale kufunika pengo.

Chukua "miundombinu rafiki ya kukaushia dagaa". Kwa mtu wa mwaloni, kitu hicho kinaitwa kichanja. Mwandishi aliyeandika "miundombinu" hakuuliza vichanja vilivyopo ni vingapi, na watu wanaovihitaji ni wangapi. "Hasara kubwa" imefunika swali la ni shilingi ngapi, za nani, na zilipotea namna gani. "Kilio cha muda mrefu" imefunika swali la tangu lini, na kama kuna ushahidi wowote kwamba kiliwahi kutolewa. "Iko mbioni" ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu imemruhusu afisa aondoke bila kutaja idadi, tarehe wala fedha, na msomaji ameachwa akiamini kwamba kuna ahadi ilhali hakuna aliyeahidi kitu.

Tazama pia kwamba ukiondoa maneno machache kama "dagaa", "uvuvi" na "mvua", habari hii inaweza kuhusu pamba ya Kwimba, mchanga wa ujenzi au machinga wa mjini. Haina kitu kinachoishikilia kwenye ufuko ule, siku ile.

Nikiletewa habari ya namna hiyo, au nikijikuta nimeiandika mwenyewe, naanzia wapi?

Anza kwa kukata, kabla hujaongeza neno lolote. Chukua kalamu upitishe mstari juu ya kila fungu ambalo umewahi kulisoma katika habari nyingine isiyohusiana na hii. Katika mfano wetu kilichobaki kilikuwa kidogo mno: Ilemela, dagaa, mvua, hasara, mwenyekiti, afisa uvuvi. Usiogope uchache huo, kwani sasa unajua ulicho nacho kweli.

Kisha rudi kwenye kila mstari uliokata uandike pembeni swali lililofunikwa. Hatua hii huchukua dakika chache, nayo hukupa orodha ya mambo ya kwenda kuuliza. Baadhi ya majibu huwa yamo tayari katika daftari la mwandishi, kwa sababu watu wa mwaloni huzungumza kwa tarakimu na kwa saa, na ni sisi tunaoyayeyusha maneno yao tukifika mezani. Nilipomsomesha mwandishi wa mazoezi haya maelezo yake ya awali, kulikuwa na mstari unaosema "ndoo 20, laki tatu, chakula cha kuku". Hiyo ndiyo iliyokuwa habari, naye alikuwa ameiita "hasara kubwa".

Yasiyomo daftarini hutafutwa kwa simu au kwa kurudi. Katika mfano huu simu mbili zilitosha. Mchuuzi aliulizwa alinunua saa ngapi, aliwaanika wapi, mvua ilikuja saa ngapi, na aliwauza kwa nani na kwa bei gani. Afisa aliulizwa maswali matatu mafupi: vichanja vingapi, kabla ya lini, na je, fedha zimeshatoka.

Nikishapata majibu, aya ya kwanza naijengaje?

Hapa ndipo waandishi wengi wanapokwama, kwa hiyo nitaonyesha majaribio yaliyoshindwa pamoja na lililofaulu.

Jaribio la kwanza lilikuwa hili: "Imeelezwa kuwa wachuuzi wa dagaa wilayani Ilemela hupata hasara ya hadi shilingi 190,000 kutokana na mvua." Tarakimu imeingia, lakini "imeelezwa kuwa" imemficha aliyeeleza, na "hupata hasara ya hadi" imegeuza mkasa wa mtu mmoja kuwa kanuni ya watu wote, jambo ambalo hatuna ushahidi nalo.

Jaribio la pili liliruka upande wa pili: "Simanzi na vilio vilitanda mwaloni huku mbingu zikifunguka bila huruma na kuzika ndoto za akina mama wapambanaji." Mwandishi aliona anaandika kwa uhai, na ninaelewa alikotaka kufika. Hata hivyo amebadilisha maneno ya mazoea ya ofisini kwa maneno ya mazoea ya kwenye matanga. Hakuna aliyelia siku ile, na mchuuzi mwenyewe alisema alikuwa na kazi ya kukusanya dagaa, hana nafasi ya kulia. Sentensi ya namna hii ni mbaya kuliko ile kavu, kwa kuwa ile kavu angalau haikusema jambo ambalo halikutokea.

Jaribio la tatu liliweka kila kitu katika sentensi moja: "Mchuuzi wa dagaa aliyenunua ndoo 20 kwa shilingi 300,000 alfajiri na kuwaanika saa mbili asubuhi kabla ya mvua ya saa saba mchana aliwauza siku mbili baadaye kwa shilingi 110,000." Yote ni kweli, yote ni mahususi, lakini msomaji amebebeshwa saa tatu tofauti na hesabu mbili kabla hajajua amsikitikie nani na kwa nini.

Jaribio la nne lilianza hivi: "Dagaa walikuwa wamekauka upande mmoja mvua ilipowakuta." Sentensi ni fupi, kila neno lake ni la mwaloni, na inamwacha msomaji akitaka kujua kilichofuata. Sentensi ya pili inampa saa na mtu, na ya tatu inampa fedha. Kufikia hapo anajua habari inahusu nini. Mimi hushikilia mpaka huo: mwanzo unaweza kumwonyesha msomaji kitu kabla ya kumweleza, lakini akifika sentensi ya tatu bila kujua yuko kwenye habari gani, umemchelewesha.

Habari kamili ilikuwaje baada ya kuandikwa upya?

Ilikuwa hivi. Jina la mchuuzi nimeliacha kwa sababu haya ni mazoezi. Katika habari halisi jina lake kamili lingekuwepo, kwa ridhaa yake, pamoja na jina la mwalo.

"Dagaa walikuwa wamekauka upande mmoja mvua ilipowakuta. Ilikuwa saa saba mchana, na mchuuzi aliyekuwa amewaanika mchangani tangu saa mbili asubuhi hakuwahi kuwaanua. Ndoo 20 alizonunua alfajiri kwa shilingi 300,000 aliziuza siku mbili baadaye kwa shilingi 110,000, kwa mnunuzi wa chakula cha kuku.

'Zile fedha zilikuwa za kikundi,' alisema. 'Mimi naweza kulala na njaa, lakini Ijumaa tukikutana nitawaambia nini wenzangu?'

Mwalo huo una vichanja 12 vinavyogombewa na wachuuzi wapatao 90. Anayekosa kichanja huanika mchangani, ambako dagaa wakilowa hushika mchanga na kuvunda, wasifae tena kuuzwa kwa chakula cha watu. Kichanja kimeinuka kutoka ardhini, upepo hupita chini yake, na turubai huwahi kukifunika wingu linapotanda.

Wachuuzi hawawezi kungoja siku ya jua. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Mchuuzi hununua siku ambazo mwezi umeruhusu, jua liwepo lisiwepo.

Mwenyekiti wa wachuuzi alisema waliomba vichanja kwa barua mwaka 2021, na akaonyesha nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Afisa uvuvi wa eneo hilo alisema vichanja 40 vimepangwa kujengwa kabla ya mwisho wa Juni. Alipoulizwa kama fedha zimeshatoka, alijibu kuwa bado."

Kwa nini aya ya mbalamwezi imeingizwa? Si ni nje ya mada?

Bila aya hiyo msomaji wa Dodoma au Tanga angejiuliza, na kwa haki kabisa, kwa nini watu hawa hununua dagaa wakati wanaona wingu. Habari nyingi za ziwa huacha sababu ya namna hii kwa kuwa mwandishi amezaliwa hapa na anaona kila mtu anaijua. Sentensi tatu zinazoeleza jinsi jambo linavyokwenda huipa habari nguvu kuliko vivumishi kumi. Zaidi ya hapo, zinamwondolea mchuuzi lawama ambayo hakustahili.

Mbona hamkujumlisha faida aliyoikosa? Hasara ingeonekana kubwa zaidi.

Ingeonekana kubwa, lakini ingekuwa hesabu ya namna nyingine. Shilingi 190,000 ni mtaji uliotoka mfukoni ukapotea, nao unathibitishwa kwa bei ya kununua na bei ya kuuza. Fedha ambazo angezipata dagaa wangekauka vizuri ni makadirio, yanayotegemea bei ya soko la siku ile, usafiri na ushuru. Unaweza kuyataja kwa kumnukuu yeye mwenyewe akisema alitarajia kiasi gani, ila usiyachanganye na mtaji katika tarakimu moja. Afisa au mfanyabiashara mwingine akiiona hesabu iliyochanganywa ataikosoa, na habari nzima itaangukia hapo.

Utaona pia kwamba hatukuiandika ile 190,000 kabisa. Tumeweka bei mbili karibu karibu, na msomaji ameitoa mwenyewe. Ni uamuzi wangu tu, na mhariri mwingine angeweza kuitaja bila kukosea.

Mkuu wangu wa dawati anasema kiongozi lazima aanze. Nifanyeje?

Jibu linategemea ni nani aliyefanya jambo. Kiongozi akitangaza leo kwamba vichanja 40 vinaanza kujengwa Jumatatu na fedha zimeshaingia, basi yeye ndiye habari, na aya ya kwanza ni yake. Lakini kiongozi aliyetaka, kuasa, kusisitiza au kutoa wito hajafanya jambo, amezungumza tu. Vitenzi hivyo vinne vikitokea katika aya ya kwanza, chukua kama ishara kwamba habari halisi imelala chini, mara nyingi katika aya ya tano au ya sita, pale ambapo mwananchi mmoja ametajwa kwa sentensi moja.

Njia ambayo imenisaidia katika mabishano hayo ni kumpa mkuu wa dawati aya mbili, yake na yako, na kumwuliza ni ipi angeisoma kwa sauti kwa mtu aliyekaa naye kwenye basi la Igoma. Usibishane kwa kanuni za chuoni. Weka maandishi mezani.

Tena, kumshusha kiongozi si kumdharau. Katika habari iliyoandikwa upya afisa uvuvi amepata nafasi iliyo bora zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu amenukuliwa akisema jambo linaloweza kupimwa. Katika habari ya kwanza alikuwa akisema yale yale ambayo kila afisa husema.

Je, kila habari ianze na mtu mmoja na tukio lake?

Hapana, na ningependa waandishi wa hapa walielewe hili vizuri, maana mwanzo wa "mama mmoja" nao umeshaanza kuwa mazoea. Tukio likiwa zito, jambo lenyewe ndilo mwanzo, na kazi yako ni kulitaja bila kulipamba.

Kumbuka MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko hicho kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Uwezo wake ulikuwa wa kubeba takribani watu 100. Mtu akiandika "ajali mbaya na ya kusikitisha iliyoacha simanzi kubwa kwa taifa", hajaongeza kitu juu ya tarakimu hizo mbili, na kwa kweli amezifunika. Ziweke jirani: waliofariki peke yao ni zaidi ya mara mbili ya watu ambao kivuko kiliruhusiwa kubeba. Ongeza kwamba gati lilikuwa karibu. Msomaji ataelewa uzito bila kuambiwa asikitike. Siku mbili baadaye fundi mitambo wa kivuko alipatikana akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, na hapo mwanzo wa habari ya siku hiyo ulikuwa yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa jambo jipya.

Habari ya maendeleo nayo ina njia yake. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, ilikuwa rahisi kuandika kwamba ni daraja la kihistoria litakalochochea uchumi wa Kanda ya Ziwa. Kwa mtu wa Sengerema jambo lenyewe lilikuwa wazi zaidi: anavuka bila kupanga foleni ya kivuko. Mwanzo mzuri ungempima dereva mmoja kwa saa yake, jana kivukoni na leo darajani.

Watu ninaowahoji wanazungumza Kisukuma au Kikerewe. Nukuu zao nizifanye nini?

Zitafsiri kwa Kiswahili cha mtu anayezungumza, na useme katika habari kwamba alizungumza kwa lugha gani. Kosa linalonisumbua zaidi ni kumvalisha mtu wa mwaloni maneno ya risala: "Tunaiomba serikali ituboreshee miundombinu ili tuweze kujikwamua kiuchumi." Hakuna mchuuzi aliyesema hivyo akiwa amepiga magoti kuokota dagaa. Nukuu kama hiyo kwa kawaida ni swali la mwandishi lililorudishwa kwa mdomo wa mhojiwa, kwa sababu aliulizwa "mnaiomba nini serikali?" na akajibu kwa lugha aliyosikia kwenye swali.

Badilisha swali, jibu litabadilika. Muulize: "Mvua ilipoanza ulikuwa wapi? Ulifanya nini kwanza? Jioni ulimwambia nani?" Nukuu ya Ijumaa na fedha za kikundi ilitokana na swali la tatu. Ukipata jibu kama hilo, liache kama lilivyo. Kulisafisha sarufi kidogo kunaruhusiwa. Kulipandisha cheo hakuruhusiwi.

Kiswahili chenyewe kinanisaidia nini? Mbona habari zetu zinasikika nzito?

Uzito hutoka kwa majina yaliyotengenezwa kutoka kwa vitenzi. "Uwepo wa", "ufanyikaji wa" na "utatuzi wa" vyote huchukua tendo na kuligandisha. Kiswahili ni lugha ya vitenzi, nacho kina vitenzi mahususi ambavyo lugha nyingine zingehitaji maneno kadhaa kuvieleza. Kitenzi kilichobeba aya yetu ya kwanza ni kuanua. Mwandishi wa kwanza angeandika "hakufanikiwa kuziondoa bidhaa zake sehemu ya kukaushia kutokana na mvua kunyesha". Kila mtu aliyelelewa na bibi aliyewahi kupaaza sauti "anueni nguo, mvua hiyo!" anaisikia haraka yote iliyomo ndani ya neno hilo moja. Vivyo hivyo kuvunda si sawa na "kuharibika": dagaa waliovunda wana harufu.

Jambo la pili ni namna ya kutendwa isiyo na mtendaji. "Hayo yamesemwa", "imebainishwa", "imeelezwa" humwondoa mtu katika habari. Mrudishe aliyesema, na mara nyingi sentensi yenyewe itakuwa fupi zaidi. Jambo la tatu ni dogo: "inayopelekea" katika maana ya kusababisha na "ikiwemo" inayobandikwa kwa kila ngeli ni dalili kwamba mwandishi ananukuu mazoea badala ya kufikiri. Ukosefu ni "ukiwemo", na kinachosababisha jambo "husababisha". Ukiyaona mawili hayo, kagua sentensi nzima. Kwa kawaida ina gonjwa jingine.

Kuna maneno ya mazoea ambayo sipaswi kuyagusa?

Yapo. "Anadaiwa", "anatuhumiwa", "kwa mujibu wa polisi" na "mahakama haijatoa uamuzi" yanachosha kuyasoma, lakini yanabeba mpaka kati ya tuhuma na ukweli.

Nilijifunza hili kwa namna ambayo bado inaniuma. Miaka ya nyuma, nikiwa mhariri mgeni katika chombo kimoja, nilipokea habari ya kijana aliyekamatwa kwa tuhuma za wizi wa injini ya mtumbwi. Mwandishi alikuwa ameandika "anadaiwa kuiba" mara tatu, na mimi, nikitaka sentensi ziende mbio, nikaacha moja tu, iliyo chini kabisa, na juu nikaandika kwamba aliifungua injini usiku na kutoweka nayo. Kijana aliachiwa bila kufikishwa mahakamani. Baba yake alikuja ofisini na gazeti limekunjwa mkononi, hakupandisha sauti, akaniuliza kama nilikuwepo usiku huo. Tulichapisha masahihisho, lakini kule mwaloni waliosoma habari ya kwanza hawakuwa wote wamesoma ya pili.

Tangu hapo, ninapoipa uhai habari ya tuhuma, uhai nauweka katika mambo yasiyobishaniwa: injini ilikuwa ya nani, aliinunua kwa kukusanya fedha muda gani, mtumbwi umekaa bila kwenda ziwani siku ngapi. Tendo linalodaiwa naliacha na "anadaiwa" yake, katika kila sentensi inayolitaja.

Nina dakika 20 tu kabla ya habari kutoka. Nifanye lipi?

Piga simu moja, kwa mtu aliyepatwa na jambo, umwulize kiasi na saa. Kisha andika upya aya ya kwanza peke yake na ukate kila sentensi inayoanza na "hayo yamesemwa". Mengine yatangoja.

Na kama ni habari ya redio?

Tarakimu zipunguzwe. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo "laki tatu" na "laki na elfu kumi" zinatosha, na idadi ya vichanja na ya wachuuzi zitenganishwe kwa sentensi. Kama una sauti ya mchuuzi akisema habari ya Ijumaa, ifike mapema iwezekanavyo.

Nitajuaje kwamba habari imepona?

Mimi hutumia vipimo viwili. Kwanza, ninabadilisha jina la mahali na bidhaa: naweka Magu badala ya Ilemela, mihogo badala ya dagaa. Kama habari bado inasomeka vizuri, haijapona. Habari yetu ya kwanza ilistahimili badiliko hilo bila kutikisika. Ya pili inavunjika mara moja, kwa sababu mihogo haivuliwi kwa taa wala haingoji usiku wa giza.

Pili, namsomea kwa simu aliyehusika sehemu inayomhusu, tarakimu kwa tarakimu. Simpi nafasi ya kuihariri habari, ila namtaka asahihishe ukweli. Katika zoezi hili, rasimu ya awali ilisema mchuuzi aliwaanika dagaa "alfajiri". Aliposomewa alisema hapana, alfajiri alinunua, na saa mbili ndipo alipowaanika, kwa kuwa mchanga ulikuwa bado na umande. Badiliko ni la neno moja, lakini wachuuzi wote wa mwalo ule wangelijua kosa hilo kabla ya kufika aya ya pili.

Habari ikishatoka, daftari nilifunge?

Hapana, kwa sababu sasa lina tarehe ndani yake. Afisa amesema vichanja 40, kabla ya mwisho wa Juni, na fedha zilikuwa bado. Andika kwenye kalenda Julai 1, uende mwaloni asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa, uhesabu vichanja vilivyopo.